Mabano Ndani ya Mabano: Jibu Lilelile kwa Kazi Ndogo na Makosa Machache

Chukua kikundi cha kuweka na kukopa ambacho akiba ya kila mwanachama hukua kwa asilimia 10 kwa mwaka. Mwanachama mmoja aliweka shilingi 300,000 mwaka wa kwanza, 200,000 mwaka wa pili, 400,000 mwaka wa tatu, na leo, mwaka wa nne unapoanza, ameleta 150,000. Anauliza ana shilingi ngapi.

Mhazini mmoja anaweza kuufuata kila mchango peke yake. Ile 300,000 imekaa miaka mitatu, kwa hiyo inazidishwa kwa 1.1 mara tatu, yaani kwa 1.331, na kuwa 399,300. Ile 200,000 imekaa miaka miwili, inazidishwa kwa 1.21, inakuwa 242,000. Ile 400,000 inakuwa 440,000, na ya leo inabaki 150,000. Akijumlisha anapata 1,231,300.

Mhazini wa pili hafuati mchango wowote. Anashika salio tu. Mwisho wa mwaka wa kwanza salio ni 330,000, anaongeza 200,000 na kupata 530,000. Mwaka unapita, 583,000, anaongeza 400,000, salio 983,000. Mwaka mwingine, 1,081,300, anaongeza 150,000. Jibu: 1,231,300, bila kuhesabu kipeo hata kimoja. Hakuna aliyemfundisha kwamba 1.1 kwa kipeo cha tatu ni 1.331, na hakuhitaji kujua, kwa sababu ile 300,000 ilikuwa ndani ya salio muda wote na ilizidishwa kila salio lilipozidishwa.

Tukiiandika 1.1 kama x, mhazini wa kwanza alikuwa anakokotoa hiki:

300,000x³ + 200,000x² + 400,000x + 150,000

na wa pili alikuwa anakokotoa hiki:

((300,000x + 200,000)x + 400,000)x + 150,000

Fungua mabano ya mstari wa pili na utapata mstari wa kwanza. Ni polinomia moja, ya daraja la tatu kwa sababu kipeo chake kikubwa ni cha tatu. Namba inayokaa mbele ya kila kipeo tuiite kizidishi. Njia ya mabano ndani ya mabano inaanzia kwa kizidishi cha kipeo kikubwa kabisa, kisha inarudia hatua moja ileile: zidisha kwa x, ongeza kizidishi kinachofuata. Kwa mwandishi wa programu ni mistari mitatu:

```
b = a[n]
for k in range(n-1, -1, -1):
    b = b*x + a[k]
```

Mwishoni `b` ndiyo jibu. Kumbukumbu inayohitajika, ukiacha vizidishi vyenyewe, ni namba moja tu, yaani salio la mhazini.

Sasa tuhesabu kazi. Mhazini wa kwanza, kama ni mvivu wa kukumbuka, anazidisha mara tatu kwa mchango wa kwanza, mara mbili kwa wa pili, mara moja kwa wa tatu: jumla sita. Kama ni mwerevu, anatunza 1.21 na kuitumia kupata 1.331, hivyo anazidisha mara mbili kutengeneza vipeo na mara tatu kuvitumia: jumla tano. Mhazini wa pili amezidisha mara tatu. Wote wamejumlisha mara tatu. Tofauti inaonekana ndogo kwa sababu polinomia ni fupi. Kwa daraja la 20, anayeanza kila kipeo upya huzidisha mara 210, anayetunza vipeo huzidisha mara 39, na mwenye mabano huzidisha mara 20. Kwa jumla, kwa daraja n, hesabu hizo ni n(n+1)/2, 2n−1, na n.

Ni kawaida kukuta programu ambayo mwandishi wake ameandika `a[k]*x**k` ndani ya mzunguko, kwa sababu ndivyo polinomia inavyoonekana ubaoni. Alama ile `**` ikitumiwa kwa namba za desimali mara nyingi haizidishi kidogo kidogo. Inaita fomula ya jumla ya vipeo, iliyotengenezwa ili ikubali hata kipeo cha 0.37, na gharama yake ni kubwa kuliko kuzidisha kwa kawaida. Programu hiyo haina kosa la mantiki, lakini inalipa nauli ya ndege kwenda kijiji cha pili.

Je, mtu akifikiri zaidi anaweza kupunguza chini ya n? Swali hili liliulizwa rasmi mwaka 1954 na Alexander Ostrowski, aliyeonyesha kwamba kwa polinomia za madaraja ya chini haiwezekani. Mwaka 1966 Victor Pan alithibitisha kwa daraja lolote: ukipewa vizidishi vyovyote na x yoyote, huwezi kuwa na njia ya jumla inayozidisha chini ya mara n. Maneno "vizidishi vyovyote" yana uzito wake. Kama polinomia yako ni x¹⁶ peke yake, izidishe x kwa x, kisha jibu kwa lenyewe, mara nne tu, na umemaliza. Mabano yangekulazimisha kupita kwenye sifuri kumi na sita. Na kama polinomia ni moja, ya kudumu, itakayokokotolewa mara mamilioni, inawezekana kuvipika vizidishi vyake kabla na kupunguza kuzidisha: ya daraja la nne, kwa mfano, hushuka hadi mara tatu kwa kujumlisha mara tano. Lakini vizidishi vilivyopikwa wakati mwingine hutoka vikubwa kuliko vya awali, na hapo usahihi huanza kuumia.

Njia hii huitwa kwa jina la William George Horner, mwalimu wa shule wa Kiingereza, ambaye makala yake ilisomwa mbele ya Royal Society jijini London mwaka 1819. Jina hilo limekaa kwa mazoea zaidi kuliko kwa haki. Horner alikuwa anatafuta namna ya kufumbua milinganyo tarakimu baada ya tarakimu, na mabano yalikuwa chombo ndani ya kazi hiyo. Mwitaliano Paolo Ruffini alikuwa ameeleza njia ya namna hiyo mwaka 1804. Isaac Newton aliziandika polinomia kwa mabano ya hivi katika risala yake ya *De analysi*, iliyochapishwa 1711. Na huko China, Qin Jiushao alikamilisha mwaka 1247 kitabu cha hisabati ambamo milinganyo ya hadi daraja la kumi inafumbuliwa kwa kuzidisha na kuongeza kwa mtindo huohuo, kwa vijiti vya kuhesabia vilivyopangwa mezani. Mtu anayehesabu kwa vijiti hana nafasi ya kutunza vipeo kumi pembeni, kwa hiyo sishangai kwamba wao waliufikia mtindo huu mapema.

Hadi hapo tumezungumzia kazi. Jambo lililo gumu kidogo kuliona ni kwamba njia yenye kazi ndogo mara nyingi ndiyo yenye jibu sahihi zaidi pia.

Kompyuta haitunzi namba ya desimali kwa ukamilifu. Kwa mfumo unaotumika zaidi, hubakiza takriban tarakimu 16 na kuitupa iliyozidi, kwa kuikadiria kwenda kwenye namba iliyo jirani. Hufanya hivyo baada ya kila tendo: kila kuzidisha, kila kujumlisha. Kufuatilia tarakimu 16 kwa kalamu kunachosha, kwa hiyo tutengeneze mashine yetu inayobakiza tarakimu tatu tu, tukihesabu kuanzia tarakimu ya kwanza isiyo sifuri. Katika mashine hiyo 132.68 huwa 133, 99.082 huwa 99.1, na 7.2691 huwa 7.27.

Tuipe polinomia hii:

x³ − 6.2x² + 8.1x − 3.4, kwa x = 4.63

Jibu la kweli, lililokokotolewa bila kutupa tarakimu yoyote, ni 0.447067.

Kwanza kwa vipeo. x² ni 21.4369, mashine inaandika 21.4. Hiyo mara 4.63 ni 99.082, inaandika 99.1, ndiyo x³. Sasa 6.2 mara 21.4 ni 132.68, inaandika 133. Na 8.1 mara 4.63 ni 37.503, inaandika 37.5. Jumlisha kwa mpangilio: 99.1 toa 133 ni −33.9, ongeza 37.5 upate 3.6, toa 3.4 ubaki na 0.2. Mashine inatangaza 0.2 mahali ambapo ukweli ni 0.447. Zaidi ya nusu ya jibu imepotea.

Sasa kwa mabano: ((x − 6.2)x + 8.1)x − 3.4. Anza na 4.63 toa 6.2, ni −1.57 kamili, hakuna kilichotupwa. Zidisha kwa 4.63: −7.2691, mashine inaandika −7.27. Ongeza 8.1: 0.83 kamili. Zidisha kwa 4.63: 3.8429, inaandika 3.84. Toa 3.4: 0.44. Kosa ni 0.007, chini ya asilimia mbili.

Mashine ni ileile, namba ni zilezile, na tarakimu ni tatu pande zote mbili. Sababu ya tofauti inaonekana ukiziangalia namba za katikati ya safari. Njia ya vipeo ilipanda hadi 133. Mashine ya tarakimu tatu ikishika namba iliyovuka mia haioni tena desimali: 133 ni jina la kila kitu kilicho kati ya 132.5 na 133.5. Pale ilipoandika 133 badala ya 132.68, ilitupa 0.32, kiasi kinachokaribia jibu lote tulilokuwa tunalitafuta. Baadaye namba hizi kubwa zilipofutana, 99.1 dhidi ya 133 dhidi ya 37.5, sehemu kubwa ya zile tarakimu nzuri ilifutika pamoja nazo, na makosa yalibaki. Kujumlisha na kutoa hakukuongeza kosa lolote hapo. Kulifichua tu kosa lililokuwa limeshaingia.

Njia ya mabano haikuwahi kushika namba kubwa kuliko 7.27, na kwa namba ya ukubwa huo mashine yetu bado inaona sehemu ya mia. Ufutano ulikuwepo pia, kwa maana 4.63 toa 6.2 ni ufutano, lakini ule wa kwanza ulitokea mwanzoni kabisa, kati ya namba mbili ambazo bado zilikuwa safi. Kutoa namba safi kwa namba safi hakuharibu kitu. Hatari ni kutoa namba zilizokwisha kuchafuliwa na ukadiriaji.

Msomaji makini atauliza kama kosa halikutokana tu na x³ kutengenezwa kutoka kwa 21.4 badala ya 21.4369. Tumjaribie. Tuseme malaika ametupa x³ sahihi, 99.252847, na 6.2x² sahihi, 132.90878, na mashine inakadiria mara moja tu kila kimoja: 99.3 na 133. Sasa 99.3 toa 133 ni −33.7, ongeza 37.5 ni 3.8, toa 3.4 ni 0.4. Kosa ni 0.047, nafuu kuliko mwanzo, lakini bado ni zaidi ya mara sita ya kosa la mabano. Hata vipeo vikamilifu havikuokoa, kwa sababu ni lazima vipite kwenye namba kubwa.

Kuna namna ya pili ya kulitazama jambo hili, nayo ndiyo inayowasaidia waandishi wa programu za hesabu. Hesabu ni mara ngapi kila kizidishi hupitia ukadiriaji. Katika mabano, kizidishi cha mwisho, kile kisicho na x, huingia hatua ya mwisho kabisa: kinajumlishwa mara moja, kinakadiriwa mara moja. Kinachokitangulia kinapitia ukadiriaji mara tatu, wa kabla yake mara tano, na kuendelea. Katika njia ya vipeo, kwa mpangilio wa kujumlisha kuanzia kipeo kidogo, kila kizidishi, kikubwa au kidogo, kinaweza kukadiriwa hadi mara n+1.

Sasa fikiria x ni ndogo, tuseme 0.5. Vipeo vyake vinapungua haraka, kwa hiyo jibu hutoka zaidi kwenye vizidishi vya mwisho, vile ambavyo mabano yameviguse kidogo sana. Na kosa lililotokea ndani, kwenye mabano ya katikati, linazidishwa kwa 0.5 kila linapotoka bano moja, hivyo linanywea kadiri linavyokaribia nje. Mpangilio wa mabano umeweka usafi pale hasa unapohitajika.

Kwa uaminifu ni lazima niseme upande wa pili. x ikiwa kubwa, jibu hutawaliwa na kipeo kikubwa kabisa, na kizidishi chake ndicho mabano yalichokipitisha kwenye ukadiriaji mara nyingi zaidi. Hapo faida ya usahihi hupungua au kutoweka, na unaweza kupata namba mojamoja ambazo njia ya vipeo imebahatika kuzidi. Anayesema mabano ni sahihi zaidi daima, kwa kila x, amesema zaidi ya kinachoweza kuthibitishwa. Kinachobaki daima ni upungufu wa kazi.

Na kuna mahali ambapo hakuna njia inayosaidia. Chukua (x − 1) kwa kipeo cha saba, kisha uifungue yote:

x⁷ − 7x⁶ + 21x⁵ − 35x⁴ + 35x³ − 21x² + 7x − 1

Weka x = 1.001. Jibu la kweli ni 0.001 kwa kipeo cha saba, yaani 10⁻²¹. Kompyuta ya tarakimu 16 inayotumia mabano itapita −6, 15, −20, 15, −6 na 1, au karibu na hapo, kabla ya kushuka kuelekea sifuri. Namba ya ukubwa wa 20 hubeba kosa la kiwango cha 10⁻¹⁵. Kosa hilo ni kubwa kuliko jibu mara milioni nzima, na alama ya jibu, chanya au hasi, inakuwa bahati nasibu. Ukichora grafu ya fomula hii karibu na 1 utaona ukungu wa nukta zinazorukaruka juu na chini ya mstari wa sifuri mahali ambapo panapaswa kuwa na mkunjo laini. James Wilkinson wa maabara ya taifa ya vipimo huko Teddington, Uingereza, alitumia miaka mingi kuyachambua mambo haya, na kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu makosa ya ukadiriaji ndicho kilichoweka misingi. Hoja yake ilikuwa hii: mabano hutoa jibu kamili la polinomia ambayo vizidishi vyake vimesogezwa kidogo sana kutoka vile ulivyovitoa. Kama kusogezwa huko kidogo kunatosha kuligeuza jibu, basi ugonjwa uko ndani ya polinomia yenyewe. Dawa hapa ni kutoifungua. Toa 1 kwanza, kisha zidisha.

Utajuaje kwamba uko kwenye ukungu? Uzuri wa mabano ni kwamba mzunguko uleule unaweza kubeba kipimo cha kosa lake pembeni:

```
b = a[n]
e = abs(b)/2
for k in range(n-1, -1, -1):
    b = b*x + a[k]
    e = abs(x)*e + abs(b)
e = u*(2*e - abs(b))
```

Hapo `u` ni kosa kubwa kabisa la ukadiriaji mmoja ukilinganisha na namba yenyewe: takriban 1.1 × 10⁻¹⁶ kwa kompyuta ya kawaida, na 0.005 kwa mashine yetu ya tarakimu tatu. Mwishoni `e` ni ukingo ambao kosa la `b` halitakiwi kuuvuka. Kama `b` ni ndogo kuliko `e`, usiiamini hata alama yake. Programu inayotafuta mahali polinomia inapokuwa sifuri inapaswa kusimama hapo, maana kuendelea ni kukimbiza ukungu.

Kipimo hiki ni cha tahadhari, na ni vizuri kujua ni cha tahadhari kiasi gani. Kwa mfano wetu wa 4.63, `e` inapita 0.5, kisha 3.885, kisha karibu 18.8, kisha 87.6, na mwisho inatoa ukingo wa 0.87. Kosa halisi lilikuwa 0.007. Ukingo umekisia kwamba kila ukadiriaji ulikwenda vibaya kabisa, na wote upande mmoja, wakati kwetu hatua zote tatu za kujumlisha na kutoa zilitoka kamili. Hivyo ukingo mdogo ni habari njema ya uhakika, na ukingo mkubwa ni onyo, si hukumu.

Mahali ambapo haya yote yanakutana ni kitufe cha `sin` kwenye kikokotoo cha kisayansi au ndani ya lugha ya programu. Kompyuta haina jedwali la pembe zote. Maktaba iliyoandikwa Sun Microsystems mwaka 1993 kwa jina la fdlibm, ambayo uzao wake uko hadi leo ndani ya mifumo kama FreeBSD na ndani ya Java, hufanya hivi: kwanza huirudisha pembe yoyote hadi iwe kati ya nyuzi −45 na 45, ambazo kwa radiani hazizidi 0.786. Kisha huweka z = x², na kukokotoa

x + xz(S1 + z(S2 + z(S3 + z(S4 + z(S5 + zS6)))))

Vizidishi vyake vinakaribiana na vile vya mfululizo unaofundishwa darasani, −1/6, 1/120 na kuendelea, lakini vimerekebishwa kidogo ili kosa lisambae vizuri katika eneo lote. S1 si −1/6 kamili: ni −0.166666666666666324.

Ile hatua ya kwanza, ya kuirudisha pembe, ndiyo inayoyapa mabano uwanja wao. Kwa x = 0.5, z ni 0.25. Kosa lililoingia kwenye bano la ndani kabisa, lile la S5, litazidishwa kwa 0.25 mara nne likielekea nje, kisha kwa xz ambayo ni 0.125. Linafika likiwa limebaki chini ya sehemu moja ya elfu mbili ya lilivyokuwa, na lilikuwa dogo tangu awali kwa sababu S5 yenyewe ni takriban sehemu moja ya milioni arobaini. Karibu kosa lote linaloonekana mwishoni ni la ule ujumlishaji wa mwisho, x ikikutana na kile kilichotoka kwenye mabano.

Prosesa za siku hizi zimeongeza nguvu kwa namna nyingine. Hatua ya `b*x + a` imefanywa kuwa amri moja: prosesa inazidisha na kujumlisha bila kutupa tarakimu katikati, kisha inakadiria mara moja mwishoni. Kigezo cha kimataifa cha hesabu za desimali kiliiingiza amri hiyo mwaka 2008, ingawa IBM walikuwa nayo tangu 1990. Kwa mabano maana yake ni kwamba idadi ya ukadiriaji inapungua kwa nusu, na idadi ya amri pia.

Udhaifu wa mabano kwa prosesa ni foleni. Kila hatua inasubiri `b` ya hatua iliyotangulia, ilhali prosesa ya leo inaweza kuendesha amri kadhaa kwa pamoja. Gerald Estrin alipendekeza mwaka 1960 kuigawa polinomia vipande vifupi vinavyokokotolewa sambamba, kisha kuviunganisha kwa z², z⁴ na kadhalika. Kuzidisha kunaongezeka kidogo, muda unapungua. Ukifungua msimbo wa `sin` wa FreeBSD utakuta wamefanya biashara hiyo kwa sehemu tu. S2 hadi S4 ziko kipande kimoja, S5 na S6 kipande kingine, vinakokotolewa sambamba na kuunganishwa. Lakini tabaka za nje, S1 na x, ambako kosa lolote lingeonekana kwenye jibu, zimeachwa ndani ya mabano kama zilivyokuwa 1993.